Kwa Nini Maua ya Pilipili Hoho Hupukutika: Somo kwa Wakulima wa Nyamira

Katika vilima vya Nyamira, ambako mashamba ya chai na migomba hufunika nchi mwaka mzima, wako wakulima ambao wamejenga mabanda ya nailoni ili kupanda pilipili hoho, yaani ile pilipili kubwa isiyowasha ambayo hukatwa na kupikwa pamoja na nyama au mboga. Banda hilo hukinga mimea na mvua ya mawe na mvua kubwa iletayo magonjwa ya majani. Lakini wengi wa wakulima hao wamekutana na jambo moja la kuhuzunisha. Mimea hukua vizuri, majani yakawa ya kijani, maua meupe yakachanua. Kisha asubuhi moja mkulima huingia bandani na kuyakuta maua yametapakaa chini kama mchele uliomwagika. Hakuna tunda hata moja lililoshika.

Jambo hili si uchawi, wala aghalabu si ugonjwa. Mmea wenyewe ndio uliotupa maua yake, nao ulikuwa na sababu. Kazi ya mkulima ni kuitafuta sababu hiyo kwa utaratibu, badala ya kukimbilia dukani kununua dawa ya kunyunyiza. Ili jambo hili lifahamike vema, natuweke mfano. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini hali zilizomo ni zile zinazowapata wakulima wa nchi za juu.

Mama mmoja wa upande wa Borabu, karibu na Nyansiongo, alijenga banda la nailoni lenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 12. Fedha za kujengea alikopa katika chama cha akina mama, naye alitumaini kulipa deni hilo kwa mavuno ya kwanza. Alipanda mashina 200 ya pilipili hoho. Mwezi wa Februari mimea ilikuwa imefika kiunoni, nayo ilikuwa imejaa maua. Kwa muda wa wiki tatu maua yalichanua na kuanguka, yakachanua tena na kuanguka tena. Jirani zake wakamshauri ang'oe yote na kupanda sukuma wiki. Kabla ya kufanya hivyo alimwita afisa wa kilimo wa wadi, ambaye watu humwita Bwana Shamba hata leo.

"Mwanangu," alisema yule mama, "mimea hii nimeilisha kuliko ninavyowalisha watoto wangu. Mbona inanitupia maua?"

"Mama," akajibu Bwana Shamba, "usiing'oe bado. Kwanza tuiulize maswali matatu: mchana inaona joto gani na usiku baridi gani, inakunywa maji namna gani, na inakula nini."

Maswali hayo matatu ndiyo somo letu.

UA HUANGUKAJE?

Kwanza yafaa kujua ua la pilipili hufanya nini. Ua moja lina sehemu za kiume na za kike pamoja, kwa hiyo laweza kujizalisha lenyewe. Ule unga laini uitwao chavua hutoka katika sehemu za kiume na kuangukia ncha ya sehemu ya kike. Hapo chavua huota, nayo hufanya mbegu changa zianze kukua katika kile kitunda kidogo kilicho ndani ya ua. Mbegu zinapokua, kitunda hutoa kemikali ambayo ni kama habari ipelekwayo kwenye shina, kusema, "Mimi ni hai, nileteeni chakula."

Mahali ambapo kikonyo cha ua huungana na tawi pana utando mwembamba wa chembe dhaifu. Habari ile ikiendelea kutoka kwenye kitunda, utando hubaki imara. Habari ikikatika, utando hulegea, kikonyo hugeuka rangi kuwa manjano, na ua huanguka pamoja na kikonyo chake, likiacha kovu safi pale lilipotoka. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kutazama. Ua lililoanguka pamoja na kikonyo cha manjano, pasipo tundu wala kuoza, limetupwa na mmea wenyewe.

Ni lazima pia kukumbuka kwamba si kila ua hupaswa kuwa tunda. Pilipili hoho huchanua maua mengi kuliko inavyoweza kulisha. Hata katika shamba zuri sana mmea waweza kutupa nusu ya maua yake au zaidi. Tena, mmea uliokwisha kubeba matunda kadhaa makubwa hutupa maua mapya mpaka matunda hayo yachumwe, kisha hushika mengine. Ndiyo sababu mavuno ya pilipili huja kwa mawimbi. Na ua la kwanza kabisa, lile linalotokea pale shina linapogawanyika kuwa panda, wakulima wengi hulikwanyua wenyewe ili mmea ukue kwanza. Kwa hiyo mkulima asifadhaike kwa kuona maua machache chini. Shida iko pale ambapo mmea usio na tunda lolote unatupa karibu maua yote, kama yalivyokuwa mambo ya yule mama.

SWALI LA KWANZA: JOTO NA BARIDI

Pilipili hoho hupenda mchana wenye joto la nyuzi 21 hadi 28 za sentigredi, na usiku wenye nyuzi 16 hadi 20 au karibu na hapo. Joto la mchana likizidi nyuzi 32, chavua huanza kuharibika, na mmea hutumia sukari yake kwa haraka kuliko uwezavyo kuitengeneza. Usiku ukiwa baridi chini ya nyuzi 15, chavua huwa chache na dhaifu. Hapo mambo mawili yaweza kutokea: ama ua huanguka, ama hushika lakini hutoa tunda dogo la bapa, gumu, lisilo na mbegu, mfano wa kifungo cha koti. Mkulima akipasua tunda la namna hiyo na kukuta ndani hamna mbegu, au zimo chache tu, na ajue kwamba chavua haikufanya kazi yake.

Nyamira ni nchi ya juu, kuanzia karibu mita 1,250 hata kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika sehemu za juu kama Borabu, usiku huweza kuwa baridi hata kukaribia nyuzi 10. Watu wengi hudhani kwamba banda la nailoni huondoa shida hii, lakini sivyo. Nailoni moja nyembamba huzuia upepo, lakini joto la ardhi hupenya na kupotea angani usiku, hasa usiku usio na mawingu. Lakini mchana banda hilohilo likifungwa huwa kama chungu kilichofunikwa juu ya jiko. Kwa hiyo katika miezi ya Januari na Februari, mbingu zikiwa wazi, mmea mmoja waweza kupata mateso mawili katika siku moja: alfajiri baridi na mchana tanuru.

Bwana Shamba alitundika kipimajoto katikati ya banda, kwenye kimo cha maua, kikiwa kimekingwa na jua kwa kipande cha ubao. Kipimajoto hicho kilikuwa cha aina inayohifadhi alama ya joto la juu kabisa na la chini kabisa. Kesho yake walikisoma. Alfajiri kilikuwa kimeshuka hadi nyuzi 12. Saa nane mchana kilikuwa kimepanda hadi 39. Yule mama alishangaa, kwani alikuwa amefunga mapazia ya banda usiku na mchana akiamini kwamba pilipili ni mmea wa joto na kwamba anaupatia ulichotaka.

Dawa ya joto la mchana ni hewa. Mapazia ya pande zote mbili yafunguliwe kuanzia saa tatu asubuhi, au mapema zaidi ikiwa kipimajoto kimefika nyuzi 25. Banda jipya linapojengwa, lifaa liwe na tundu refu karibu na paa ili hewa ya moto itoke juu, na tundu hilo lifunikwe kwa wavu mwembamba wa kuzuia wadudu. Wako wanaopaka paa chokaa au kutandaza wavu wa kivuli. Hilo hufaa katika nchi kame za chini, lakini Nyamira mawingu na mvua za alasiri ni vitu vya kawaida, na mmea unaokosa mwanga hukosa sukari, nao hutupa maua vilevile. Kwa sababu hiyo, katika nchi ya juu fungua mapazia kwanza. Kivuli kiwe cha mwisho, na cha muda tu.

Dawa ya baridi ya usiku ni kuyafunga mapazia kabla jua halijatua, yapata saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, joto lingali limo katika udongo. Mapipa yaliyopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji, yakiwekwa upande unaopata jua, hunywa joto mchana na kulitoa polepole usiku. Lakini mkulima asitarajie mengi. Njia hizi huongeza nyuzi mbili au tatu, wala hazigeuzi Borabu kuwa Mombasa. Jambo la kuangalia ni kwamba banda lililofungwa huku majani yakiwa na maji hukaribisha ukungu. Kwa hiyo pasimwagiliwe maji jioni.

SWALI LA PILI: MAJI

Yule mama alichota maji kijitoni mara mbili kwa wiki, siku ya Jumatano na siku ya Jumamosi. Siku hizo aligharikisha banda zima. Siku nyingine hakutia hata tone. Alipoulizwa alisema kwamba kwa jumla maji yalikuwa mengi, na hilo lilikuwa kweli. Lakini mmea hauhesabu maji ya wiki. Huhesabu ya leo. Udongo ukikauka, majani hunyong'onyea mchana, mmea hufunga matundu ya majani yake ili kuhifadhi maji, na hapo hauwezi kutengeneza sukari. Kitu cha kwanza kutupwa ni ua, kwa kuwa mmea utaokoa shina na majani kwanza. Siku ya gharika nayo si bora. Hewa hutoka katika udongo, mizizi hukosa pumzi, na mmea uliosimama katika matope hunyong'onyea sawasawa na ule uliokauka. Mkulima asiyejua akiuona hivyo huongeza maji, na hudhuru zaidi.

Njia rahisi ya kupima ni kwa mkono. Chimba kando ya shina mpaka kina cha sentimita 15, utwae udongo kidogo na kuufinya. Ukitoa maji kati ya vidole, umelowa kupita kiasi. Ukishikamana kama tonge la ugali na ukavunjika unapousukuma kwa kidole gumba, unatosha. Ukipukutika kama unga, umekauka na mmea una kiu. Katika banda la yule mama, siku ya Jumanne udongo ulikuwa unga. Siku ya Alhamisi ulikuwa matope.

Kiasi cha kuanzia kwa mmea unaochanua katika banda ni lita moja kwa shina kila asubuhi. Siku ya jua kali huongezwa nusu lita yapata saa sita au saa saba mchana. Siku ya mawingu hupunguzwa hata nusu lita ikiwa mkono unaonyesha kwamba udongo ungali na unyevu. Hesabu yake kwa mashina 200 ni lita 200 kwa siku, yaani pipa moja la kawaida, na siku ya jua kali pipa moja na nusu. Mama huyu alikuwa na mapipa matatu. Akayainua juu ya magogo, akaunganisha mipira ya matone, naye akajaza mapipa jioni ili maji ya kijitoni, ambayo ni baridi sana, yapate joto kidogo kabla ya kutumiwa siku inayofuata.

Matandazo ya nyasi huzuia maji yasikauke, lakini pana tahadhari. Nyasi nene hukinga udongo na jua, na katika nchi ya baridi hufanya mizizi ikae baridi. Basi wakati wa jua kali matandazo ni mazuri. Ifikapo Juni na Julai yasogezwe mbali kidogo na mashina ili jua ligonge udongo.

SWALI LA TATU: CHAKULA

Hapa ndipo maneno ya yule mama, kwamba amelisha mimea kuliko watoto, yalipodhihirika. Mashimo aliyapanda kwa mbolea nyingi ya kuku. Kisha, baada ya miche kushika, alitia mbolea ya CAN kila wiki, vifuniko viwili vya chupa ya soda kwa kila shina, kwa muda wa wiki sita. Kifuniko kimoja hubeba gramu 5 hivi. Kwa hiyo kila shina lilikula gramu 60, na banda lote kilo 12, juu ya mbolea ya kuku ambayo yenyewe ina nguvu nyingi.

Chakula kikuu cha CAN ni naitrojeni, ambayo hujenga majani. Mmea ulioshiba naitrojeni hupumbazika: hutoa majani mapana ya kijani cha giza, mashina laini na matawi marefu, nao hupeleka sukari yake yote huko. Ua halipati kitu. Dalili ni kwamba banda hupendeza sana machoni pa mpita njia, lakini ukiinua majani hukuti tunda. Kinyume chake, mmea wenye njaa ya naitrojeni huwa mdogo na majani yake ya chini hugeuka manjano, nao pia hutupa maua. Kwa hiyo tazama majani kabla ya kutia au kuacha mbolea.

Kiasi cha kutosha katika udongo wa kawaida ni kifuniko kimoja cha CAN kwa shina, yaani gramu 5, wiki tatu au nne baada ya kuhamisha miche, na gramu 10 mwezi mmoja baadaye. Mbolea hiyo itiwe kwa mviringo, upana wa kiganja kutoka shinani, katika udongo wenye unyevu. Aliyetumia mbolea nyingi ya kuku apunguze hata hapo. Mmea ukianza kuchanua, mahitaji hubadilika. Sasa hutaka potasiamu kwa ajili ya matunda, kwa hiyo mbolea iliyochanganywa yenye sehemu sawa, kama NPK 17-17-17, hufaa kuliko CAN peke yake.

Majivu ya kuni pia yana potasiamu, nayo hupunguza uchachu wa udongo. Konzi moja kwa shina, mara moja katika miezi miwili au mitatu, yatosha. Lakini majivu yasitiwe siku moja na CAN, wala yasichanganywe nayo, kwa sababu yakikutana katika unyevu naitrojeni hugeuka hewa yenye harufu kali na kupotea, na hewa hiyo huunguza majani ndani ya banda lililofungwa. Yapite majuma mawili kati ya moja na nyingine.

Udongo mwekundu wa Kisii na Nyamira una kina na hutunza mizizi vema, lakini mvua nyingi imeosha chokaa katika sehemu nyingi na kuuacha na uchachu. Pilipili hoho hutaka udongo wenye kipimo cha uchachu cha 6.0 hadi 6.8. Udongo ukiwa chini ya hapo, mizizi haishiki vizuri kalsiamu na fosforasi hata ikiwa mkulima amezinunua. Upungufu wa boroni pia huweza kufanya ua lisishike. Mambo haya hayaonekani kwa macho. Njia ya hakika ni kupima udongo, na ushauri wa jambo hilo hupatikana katika kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Kisii. Kutia chokaa au boroni bila kipimo si busara; hasa boroni, ambayo ikizidi kidogo huwa sumu kwa mmea.

JINSI MAMBO YALIVYOREKEBISHWA

Bwana Shamba hakumwambia yule mama anunue kitu cha kunyunyiza. Kwanza walichagua mashina kumi, mawili kutoka kila mstari, wakayafunga uzi mwekundu. Kila Jumatatu mama alihesabu katika mashina hayo maua yaliyochanua, na vitunda vilivyoshika, akaandika katika daftari la mtoto. Wiki ya kwanza maua yalikuwa 60, na vitunda vilivyoshika vilikuwa 4 tu.

Kisha wakabadilisha mambo matatu. Mapazia yakawa yanafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na nusu jioni. Maji yakawa lita moja kila asubuhi, bila kukosa siku. CAN ikasimamishwa kabisa. Kadhalika, kila siku kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, mama au binti yake alipita akigonga kwa upole kamba zilizoshika mimea, ili chavua ianguke. Nje ya banda kazi hiyo hufanywa na upepo na nyuki, lakini ndani ya nailoni vyote viwili ni haba.

Baada ya juma moja maua yalikuwa yakianguka kama kwanza, na yule mama akataka kukata tamaa. Hapa pana jambo ambalo mkulima hana budi kulielewa. Chavua haiharibiki siku ua linapofunguka tu. Huharibika tangu ua likiwa tumba dogo, hata wiki mbili kabla. Maua yaliyochanua juma lile yaliumbwa katika siku za tanuru na za kiu. Hayakuweza kuokolewa. Kwa sababu hiyo marekebisho yoyote yapewe wiki mbili kabla ya kuhukumiwa, na wiki nne kabla ya kuachwa. Mkulima anayebadilisha maji leo, mbolea keshokutwa na dawa wiki ijayo hatajua kamwe ni lipi lililomfaa.

Wiki ya tatu, katika maua 55 vilishika vitunda 13. Wiki ya tano, katika maua 58 vilishika 24. Kipimajoto sasa kilisoma nyuzi 30 saa nane mchana, na 14 alfajiri. Baridi ilikuwa imepungua kwa nyuzi mbili tu, nayo ilionekana katika matunda: machache kati ya yale ya kwanza yalikuwa ya bapa. Hayo yalichumwa yangali madogo na kutupwa, ili yasile chakula cha yale mazuri. Tunda la pilipili hoho huchukua wiki sita hadi saba hivi tangu ua kushika mpaka kuchumwa likiwa kijani. Basi mavuno yalichelewa karibu miezi miwili, na yule mama alilazimika kwenda katika chama chake kuomba muda wa kulipa. Lakini mimea haikung'olewa.

MIPAKA YA SOMO HILI

Yako mambo ambayo kufungua mapazia na kutia maji hakutayaponya. Ua likianguka likiwa na tundu, au tumba likiwa limetobolewa, wadudu ndio waliofanya hivyo. Wako pia wadudu wembamba mno, wadogo kuliko punje ya mtama, waitwao thripsi, ambao hujificha ndani ya ua na kulifyonza. Ili kuwajua, gonga maua machache juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vijistari vyembamba vikitembea, ndio hao. Majani machanga yakijikunja na kuwa membamba na magumu, yamkini ni utitiri, ambaye haonekani kwa macho matupu. Katika mambo hayo Bwana Shamba aitwe kabla ya kununua dawa, kwa maana dawa ya kuua thripsi si lazima imuue utitiri, na dawa nyingi zikinyunyizwa asubuhi huua nyuki wachache waliobahatika kuingia.

Kadhalika, hakuna ustadi utakaofanya pilipili hoho zishike vizuri katika Julai yenye baridi kali huko juu. Aliye katika sehemu hizo na ahesabu tarehe zake. Miche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, na huchanua kwa wingi yapata wiki sita hadi nane baada ya kuhamishwa. Anayetaka maua yake yafunguke Septemba, baridi ikiwa imelegea, na asie mbegu mwezi wa Mei au mwanzo wa Juni, akitunza kitalu chake mahali palipokingwa na baridi. Mwenye shamba katika sehemu za chini za Nyamira ana nafasi kubwa zaidi. Na yule ambaye usiku wake ni baridi karibu mwaka mzima huenda akafanya vema kujaribu pilipili za kuwasha zenye matunda madogo, kwa kuwa hizo hustahimili mabadiliko ya joto na baridi kuliko hoho yenye tunda kubwa.

Kwa hiyo mkulima akiingia bandani asubuhi na kukuta maua chini, asikimbilie dukani. Na aokote ua moja atazame kikonyo chake. Asome kipimajoto alfajiri na saa nane. Afinye udongo kwa mkono. Na ahesabu ni vifuniko vingapi vya mbolea alivyokwisha tia. Baada ya hapo abadilishe lililokosewa, aandike tarehe, na kungoja wiki mbili.